Apu ya kodi imemtumia mpangaji wangu deni la 70,000 asilodaiwa. Mwenye vyumba vichache mnatumia nini?

SitaUani
Wakuu, habari za jioni. Nina vyumba sita uani, Mbagala. Vitano ni vya elfu sabini kwa mwezi, cha mbele chenye choo ndani ni laki na ishirini. Miaka yote nimeandika kwenye kaunta buku. Mwezi wa saba kijana wangu akaniwekea apu ya kukusanya kodi kwenye simu, jina naliacha. Tukakaa usiku mzima tukaingiza wapangaji, kodi zao na malipo yote tangu Machi.

Tarehe 2 Agosti, saa mbili asubuhi, apu ikajitumia meseji yenyewe kwa mpangaji wa chumba namba 4: unadaiwa kodi TSh 70,000, lipa mapema kuepuka usumbufu. Huyo kijana ni fundi pikipiki, mstaarabu, hajawahi kunisumbua. Dakika kumi hazijapita yuko mlangoni na risiti zake, mikono ina grisi, ananiuliza "mzee, usumbufu gani tena?" Nikapiga hesabu kwenye daftari, kweli hadaiwi hata mia. Apu mpaka leo inang'ang'ania 70,000.

Nauliza: kuna apu ya mtu wa vyumba sita, isiyo ya maghorofa, inayojua kuhesabu?

DalaliMakini
Mkuu kama una chumba wazi nina wateja watatu wa Mbagala mpaka Kongowe, mmoja mtumishi. Malipo yangu ni mwezi mmoja tu.

SitaUani
Ndugu yangu, sina chumba wazi. Soma swali.

Kifurushi
Tatizo lako ni kuingiza malipo kwa mkono. Chukua lipa namba, wapangaji wote walipe huko, taarifa ya malipo inatoka yenyewe kila mwezi, daftari unalichoma moto. Mimi nina duka, nafanya hivyo mwaka wa pili sasa.

Bi Leja
Kifurushi mwanangu, lipa namba itamwonyesha kuwa pesa imeingia, lakini haitamwambia ni ya kuanzia lini hadi lini. Dukani mtu akilipa soda mmemalizana. Kodi ni deni linalozaliwa upya kila mwezi, na pesa inakuja vipande vipande ikilifuata kwa nyuma au ikilitangulia.

SitaUani, kabla hatujailaumu hiyo apu, tupe mambo mawili. Huyo fundi aliingia tarehe ngapi? Na amelipa kiasi gani, siku zipi? Nilikuwa mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa kwa miaka ishirini na mbili, ugonjwa huu naujua kwa harufu.

SitaUani
Asante mama. Aliingia 12 Machi, akalipa 210,000 ya miezi mitatu. Tarehe 14 Juni akanipa 100,000. Tarehe 20 Julai akaleta 40,000. Basi.

Bi Leja
Haya, tuifuate pesa. Mwezi wake wa kwanza ni 12 Machi hadi 11 Aprili, na kuendelea hivyo. Mpaka tarehe 1 Agosti miezi iliyokwisha kuanza ni ya 12 Machi, 12 Aprili, 12 Mei, 12 Juni na 12 Julai. Mitano mara elfu sabini ni 350,000. Amelipa 210,000, na 100,000, na 40,000, jumla 350,000. Deni sifuri, na amelipia hadi 11 Agosti. Daftari lako liko sawa.

Apu yako naamini haikuuliza tarehe aliyoingia, au iliuliza ikaiweka pembeni kama pambo. Inamdai kila mtu tarehe mosi. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, hiyo ni miezi sita, 420,000. Toa 350,000, ndipo inapoipata 70,000 yake. Siku kumi na moja za mwanzo wa Machi kijana hakuwa hata mpangaji, lakini Machi imehesabiwa nzima.

Fungua ukurasa wa mpangaji mwingine aliyeingia katikati ya mwezi. Kama naye ana deni la ajabu la mwezi mmoja kamili, huo ndio ugonjwa.

SitaUani
Mama umepatia kama uliyekuwa hapa. Chumba 1 na chumba 5 vilevile. Chumba 6 aliingia tarehe 1, yeye hesabu yake iko safi.

JiraniWaUmoja
Hapa Nairobi nina plot ya nyumba nane Umoja. Sisi dawa yetu ni peibili. Mpangaji akilipa M-Pesa anaweka namba ya biashara, halafu kwenye sehemu ya akaunti anaandika namba ya nyumba yake, A4, na mfumo unajua pesa ni ya nani bila mimi kugusa kitu. Ikifika mwisho wa mwezi napakua orodha, nalipa KRA asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, nimemaliza. Zamani ilikuwa asilimia 10, ikashushwa Januari 2024. Na wanaihesabu kwa kodi nzima, hata ukikarabati choo hutoi gharama, kwa hivyo rekodi yangu ni lazima iwe safi.

Bi Leja
Na wote wanaandika A4 kweli?

JiraniWaUmoja
Haha. Hapo umenipata, mama. Kuna wa kuandika "a 4", wa kuandika "rent", na kuna mmoja kila mwezi huandika jina la mtoto wake. Hao keateka ananipigia tunawatafuta mmoja mmoja. Lakini ni wawili watatu kati ya wanane, si wote.

SitaUani
Kwangu lipa namba niliyonayo haina mahali pa kuandika namba ya chumba. Mpangaji anaweka namba, kiasi, neno la siri. Ninachokiona mimi ni jina la mwenye laini. Chumba 3 analipiwa na shemeji yake, chumba 5 ana laini ya marehemu baba yake. Meseji ikiingia nakuna kichwa kwanza.

Kifurushi
Nina ujanja. Waambie waongeze shilingi za chumba chao. Wa chumba 4 atume 70,004, wa chumba 3 atume 70,003. Mkia ndio jina lake.

MpangajiSugu
Tutakumbuka siku ya kwanza tu, ya pili tumesahau. Na nikiwa na 40,000 mfukoni natuma 40,000, hiyo nne naitoa wapi 😂

BabuKaboni
Nimesoma yote. Mimi nina vyumba tisa Tandika tangu enzi za simu za kuzungusha. Natumia kitabu cha risiti chenye kaboni. Nusu anaondoka nayo, nusu inabaki, sahihi yake iko juu. Hakuna kuchaji, hakuna meseji za alfajiri.

Ila nina swali kwa SitaUani, na huyo mama msomi naye alisikie. Mkataba wako na huyo fundi unasemaje? Mwezi mmoja mmoja, au miezi mitatu mitatu?

SitaUani
Shikamoo mzee. Nimeufungua sasa hivi. Unasema "kodi italipwa kwa miezi mitatu mitatu, mwanzoni mwa kipindi".

BabuKaboni
Marahaba. Basi tarehe 12 Juni alitakiwa kuleta 210,000 yote, akaleta 100,000. Deni la kwanza 210,000, la pili 210,000, jumla 420,000. Amelipa 350,000. Anadaiwa 70,000. Apu yenu imesema kweli.

Kifurushi
Duh.

SitaUani
Mzee umeniharibia usingizi.

Bi Leja
Babu nakuvulia khanga, hilo sikuliuliza na ndilo lilikuwa la kwanza kuulizwa. Kwa mkataba ulivyoandikwa, 70,000 inadaiwa. Ila apu haikuufuata mkataba, imeangukia humo kwa bahati. Ngojeni tarehe 1 Septemba mtaona. Apu itapanda hadi 140,000, wakati kwa hesabu ya mkataba deni litabaki 70,000 mpaka 12 Septemba, kipindi cha tatu kinapoanza. Saa iliyosimama nayo hupatia mara mbili kwa siku.

Halafu kuna upande wa pili. SitaUani, ile 100,000 ya Juni ulipoipokea ulimwandikia risiti gani?

SitaUani
Niliandika "kodi ya mwezi mmoja hadi 11/7, na 30,000 ya kuanzia". Kwa mkono wangu.

Bi Leja
Basi umekubali mwezi mmoja mmoja kwa maandishi yako, na Julai ukarudia. Mimi ningesema mmeshabadilisha utaratibu nyinyi wawili, na hadaiwi.

BabuKaboni
Mimi nasema kumvumilia mtu si kubadili mkataba. Ningemwandikia "sehemu ya 210,000, imebaki 110,000" na neno lisingekuwepo.

Bi Leja
Hapo kwenye kuandika hivyo tuko pamoja. Hilo lingine tuliache, kila mmoja na lake.

MtangaMuskat
Nimeufuata uzi huu kimya toka mwanzo kwa sababu yangu ni makubwa zaidi. Niko Muskat, nyumba ya vyumba vitano iko Tanga, anayekusanya ni kaka yangu. Kila mwisho wa mwezi ananipigia picha ukurasa wa daftari. Mwezi mmoja chumba fulani ni "bado", mwezi unaofuata ukurasa uleule umekuwa "amelipa nusu" na wino tofauti. Simtuhumu ndugu yangu, lakini sielewi kitu. Nikichukua apu nitaona ukweli?

Bi Leja
Utaona anachoingiza, mdogo wangu. Akipokea pesa asiingize, apu itakuonyesha deni na wewe utamlaumu mpangaji. Njia ninayoijua ya kupunguza hilo ni kumfanya mpangaji awe shahidi: kila malipo yanapoingizwa, meseji ya risiti iende palepale kwenye simu ya mpangaji, ikitaja kiasi, na amelipia hadi lini, na salio. Asiyeipata atauliza mwenyewe, maana ni pesa yake. Ukipata apu, au hata utaratibu wa kutuma kwa mkono, kitu hicho kimoja kina thamani kuliko michoro yote ya rangi wanayokuwekea.

Na hakikisha malipo yakishaingizwa hayafutiki kimyakimya. Mtu akikosea aandike mstari wa kurekebisha, ule wa kwanza ubaki unaonekana. Wino tofauti ulioukuta kwenye daftari, kwenye apu inayoruhusu kufuta usingeuona kabisa.

Kifurushi
Kwa vyumba sita kwa nini asitumie Google Sheets tu? Nimemtengenezea mama yangu. Safu C tarehe ya kuingia, D jumla ya alicholipa, E kodi ya mwezi, halafu inakuambia mwezi wake mpya unaanza lini:

```
=EDATE(C2,INT(D2/E2))
```

Kwa fundi: 12 Machi, 350,000, 70,000. Seli ukiipa mtindo wa tarehe, inatoa 12 Agosti. Nani anataka apu?

Bi Leja
Safi, na ina uzuri wake: inahesabu toka siku ya kuingia kila mara, kwa hiyo aliyeingia tarehe 31 hasogezwi. Ukiihesabu mwezi juu ya mwezi, wa 31 Januari anaenda 28 Februari, kisha 28 Machi, na hizo siku tatu hazirudi tena.

Lakini mwakani akipandisha kodi kuwa 80,000 na kuibadilisha E2, fomula itagawa hata pesa za zamani kwa bei mpya. Ghafla mpangaji aliyelipa vizuri mwaka mzima ana deni. Kwa hiyo tenganisha madai na malipo, kurasa mbili. Ukurasa wa Madai una tarehe, chumba, maelezo, kiasi: kila mwezi wake unapoanza unaongeza mstari kwa bei ya siku hiyo. Kama mkataba ni miezi mitatu mitatu unaweka mstari mmoja wa 210,000, Babu afurahi. Ukurasa wa Malipo una tarehe, chumba, aliyetuma pesa, kiasi, na namba ya muamala. Ukurasa wa tatu unatoa hiki kwa hicho:

```
=SUMIFS(Madai!D:D,Madai!B:B,A2)-SUMIFS(Malipo!D:D,Malipo!B:B,A2)
```

Ikija namba chanya anadaiwa, ikija hasi ametanguliza. Bei ikipanda, mistari ya zamani haiguswi.

JiraniWaUmoja
Mama, na mpangaji wa chumba 4 akihama na deni? Umeunganisha kila kitu na chumba. Atakayeingia baada yake atalirithi deni.

Bi Leja
Umenikamata. Usiandike 4, andika 4-A. Akihama, anayekuja ni 4-B. Na apu nazo mzijaribu hapohapo: weka mpangaji wa uongo mwenye deni, mtoe, ingiza mwingine chumba kilekile. Deni likimfuata mgeni, ifute. Jaribio la pili ni aliyeingia tarehe 12. La tatu, pandisha kodi uone kama ya nyuma imebadilika. Robo saa inatosha, kabla hujaingiza mtu wa kweli hata mmoja.

MpangajiSugu
Naomba niseme kwa niaba yetu sisi tunaodaiwa. Nyumba ninayokaa tuna mita moja. LUKU kila mwezi inakata 1,500 ya kodi ya jengo kwa anayenunua wa kwanza, na ninayenunua wa kwanza ni mimi. Jengo si langu. Hilo apu zenu zinaliandika wapi?

Pili, mama mwenye nyumba wetu naye alipata apu, akatupanga foleni kupiga picha za vitambulisho vya NIDA, mbele na nyuma. Nikamuuliza zinakwenda wapi, akasema "kwenye simu". Jina la kampuni hakuna, anwani hakuna. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu 1 Mei 2023. Namba na picha yangu si mali ya apu.

Bi Leja
La kwanza ni rahisi: hiyo 1,500 ni malipo yako. Inaingia ukurasa wa Malipo kwa jina lako, maelezo "kodi ya jengo kupitia LUKU", ikiwa mwenye nyumba ni mwungwana. Vilevile ukinunua kitasa kwa ruhusa yake. Apu nyingi nilizoziona zinataka malipo yawe pesa taslimu au ya simu tu, kwa hiyo watu wanabaki kukumbushana mdomoni.

La pili uko sahihi. Jina, simu, tarehe ya kuingia na mtu wa kupigiwa kwa dharura vinatosha kuhesabu kodi. Nakala ya kitambulisho ibaki na mkataba, kabatini.

SitaUani
Hii ya kwangu iliniomba ruhusa ya kusoma meseji zote, eti itambue malipo yenyewe. Kijana aliishusha kwenye kiungo cha Wasapu, haikutoka Play Store.

Kifurushi
Mkuu itoe leo! Google waliibana ruhusa hiyo tangu 2019, apu ya kawaida haiwekwi Play Store na kusoma meseji hovyo. Ndiyo maana mnapewa kiungo. Inayosoma meseji za kodi inasoma pia namba za siri za benki.

SitaUani
Nimeitoa. Kwanza niliomba ipakue kumbukumbu zote, ikanipa picha ya skrini ya kila mpangaji, eti hiyo ndiyo ripoti. Nimenakili kwa mkono.

Mrejesho baada ya siku tatu. Tumekaa na fundi kibarazani. Sikumdai 70,000. Tumeandika karatasi mpya: kuanzia 12 Agosti ni mwezi mmoja mmoja, analipa ndani ya siku tano. Babu utanisamehe. Kijana amenitengenezea kurasa tatu za Bi Leja, zimefunguka hata kwenye simu yangu ndogo. Deni la vyumba vyote sita kwa sasa ni 95,000, na 60,000 ya hiyo ni ya chumba 2.

Chumba 2 ndiko nilikokwama. Yule mama anauza maandazi, ananilipa elfu tano, elfu tatu, siku nyingine elfu mbili, mkononi. Mwezi uliopita peke yake ana mistari kumi na saba. Nayo niandike yote?

BabuKaboni
Mpe kikadi, kila akilipa tia sahihi, mwisho wa wiki jumlisha uandike mstari mmoja.

Bi Leja
Mimi ningeandika yote kumi na saba.

MtangaMuskat
Bi Leja, kaka amekubali kutuma risiti kwa wapangaji. Amesema ataanza mwezi ujao.

DalaliMakini
Huyo mama wa maandazi akihama nijulishe mkuu.